Faili la fidia huanza siku ya ajali
Hotuba kwa wafanyakazi wa viwandani, Siku ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, 28 Aprili

Ndugu mwenyekiti, viongozi wa tawi, ndugu wafanyakazi wenzangu,

Mmeniomba nieleze nyaraka anazotakiwa kuwa nazo mfanyakazi aliyeumia kazini ili alipwe na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, yaani WCF. Nitazitaja zote, na mwenye kalamu aandike. Lakini kwanza naomba tuelewane jambo moja, maana ndilo linalowaumiza wenzetu wengi ninaowasindikiza kufuatilia madai. Mtu huumia Machi, hutibiwa, hupona, halafu Septemba ndipo anaanza kuuliza, "Karatasi gani zinatakiwa?" Kufikia hapo karatasi zinazobeba dai lake zilishaandikwa miezi sita iliyopita, na watu wengine, tena kwa haraka, na yeye hakuwahi kuzisoma. Kama ziliandikwa vibaya, hakuna fomu ya Septemba itakayozinyoosha kirahisi.

Mfuko huu uliundwa na Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi, Namba 20 ya mwaka 2008, na ulianza kazi Julai 2015 kwa upande wa Tanzania Bara. Michango inatoka kwa mwajiri peke yake. Ukiona kwenye salari slipi yako umekatwa fedha ya WCF, hilo ni kosa, tuletee. Jambo la pili ambalo wengi hawalijui ni kwamba hapa hakuna kusubiri kutimiza idadi ya michango. Dada zetu wanaodai fao la uzazi NSSF wanafahamu habari ya michango 36, kwamba usipoitimiza hupati. Kwenye fidia ya kuumia kazini haiko hivyo. Umeajiriwa Jumatatu, Jumanne mashine imekukamata, tayari una haki. Kwa hiyo wewe hutaulizwa umechangia miezi mingapi. Utaulizwa mambo mawili tu: je, ulikuwa mfanyakazi wa mwajiri huyu siku hiyo, na je, uliumia kwa sababu ya kazi na ukiwa kazini? Nyaraka zote nitakazozitaja zinajibu moja ya maswali hayo, au zinasaidia kukokotoa kiasi.

Sasa tuchukue mfano mmoja, tuutembee mpaka mwisho. Tuseme mwenzetu ni fundi kwenye mashine ya kukata maboksi. Jumanne tarehe 10, zamu ya usiku, saa tano na robo, karatasi imekwama. Anaingiza mkono wa kulia kuitoa, kisu kinashuka, vidole viwili vinaumia vibaya, cha shahada na cha kati.

Karatasi ya kwanza ni daftari la ajali la kiwandani. Sheria inamtaka mfanyakazi amjulishe mwajiri mapema iwezekanavyo, na taarifa ya mdomo inatosha. Mimi nasema ya mdomo inatosha kisheria, lakini kwenye mabishano haikusaidii. Mtu wa zamu yako aandike usiku ule ule: jina, saa, mashine ipi, ulikuwa unafanya nini, kiungo gani, upande gani, na nani aliona. Mashahidi wawili waweke majina yao na sahihi. Kama daftari limefungiwa ofisini na ofisi imefungwa, tuma ujumbe wa simu kwa msimamizi wa zamu ukieleza hayo hayo. Ule ujumbe una tarehe na saa, na hauwezi kubadilishwa kesho yake.

Karatasi ya pili ni ile ya hospitali, na hapa naomba mnisikilize kwa makini sana. Pale mapokezi, kabla daktari hajakushika, kuna mtu atakuuliza, "Umepatwa na nini?" Jibu lako linaandikwa. Litaingia kwenye faili, daktari atalisoma na kulinakili kwenye taarifa yake, na taarifa hiyo ndiyo itakayokaa mezani kwa mtathmini wa Mfuko. Mwenzetu wa mfano wetu amepelekwa na dereva wa kampuni, na njiani ameambiwa, "Sema umeumia nyumbani, tutumie kadi yako ya bima, mambo yasiwe mengi." Ana maumivu, damu inatoka, anakubali. Kwenye faili inaandikwa kwamba amejikata nyumbani. Ndugu zangu, sentensi hiyo fupi imempokonya matibabu ya kulipwa na Mfuko, fidia ya muda atakaokuwa nje ya kazi, na fidia ya vidole vyake kwa maisha yake yote. Nimeona familia zikihangaika miezi na miezi kujaribu kuifuta. Tafadhali, hata ukiwa na maumivu kiasi gani, sema: "Nimeumia kazini, kwenye mashine, mkono wa kulia." Na anayekusindikiza asimame pale mpaka aone limeandikwa hivyo.

Kama ajali ni ya barabarani, au umepigwa au kuvamiwa ukiwa lindoni, inaongezeka PF3 kutoka polisi, na baadaye taarifa ya polisi kuhusu ajali yenyewe. Dereva na wasaidizi wake waongeze na karatasi inayoonyesha walikuwa wametumwa: barua ya safari, hati ya kupeleka mzigo, au rosta. Gari la kampuni peke yake halithibitishi kwamba ulikuwa kazini. Watu huazima magari ya kampuni kwenda msibani, na mtathmini analijua hilo.

Karatasi ya tatu haiko mikononi mwako, lakini ni juu yako kuifuatilia. Mwajiri akishapata taarifa ana siku saba za kuujulisha Mfuko. Siku hizi hilo linafanyika kwenye mfumo wa mtandao, portal.wcf.go.tz, na anajaza fomu ya taarifa ya ajali. Usiulize tu, "Mmetuma?" Omba nakala uisome. Angalia tarehe, angalia saa, angalia mkono. Kwenye mfano wetu, daftari la kiwandani linasema saa 5:15 usiku tarehe 10, hospitali wameandika amefika saa 6:40 usiku, ambayo kwa hesabu yao ya kompyuta tayari ni tarehe 11, na ofisa utumishi anayejaza asubuhi ananakili ya hospitali, anaandika ajali imetokea tarehe 11. Sasa daftari la mahudhurio linaonyesha tarehe 11 mwenzetu hakuwa kazini, kwa sababu alikuwa amelazwa. Hakuna aliyedanganya hapo, lakini dai limesimama, barua zinaanza kwenda na kurudi. Wenzangu wa zamu za usiku, hili ni lenu kuliko mtu mwingine yeyote. Tarehe ya ajali iandikwe ile ambayo ajali ilitokea, na iwe ileile kwenye kila karatasi.

Hilo la upande wa mwili nalo ni hivyo hivyo. Kulia kukiwa kulia kwenye daftari na kushoto kwenye taarifa ya daktari, faili litarudishwa, na itabidi umtafute daktari yuleyule arekebishe na kuweka sahihi. Ukimkuta amehamishwa kituo, utajua nilikuwa nasema nini.

Baada ya hapo faili linaanza kujengwa lenyewe. Kutoka kwa mwajiri unahitaji mkataba wa ajira au barua ya kuajiriwa, daftari la mahudhurio la mwezi wa ajali, salari slipi za miezi iliyotangulia ajali, na maelezo ya ajali yaliyosainiwa. Kutoka kwako: kitambulisho cha NIDA, picha ya pasipoti, na maelezo ya akaunti ya benki. Jina kwenye vitambulisho, mkataba na benki lazima liwe moja. Najua hapa kuna watu kiwandani wanaitwa jina moja, NIDA jingine, na benki wamefungua kwa jina la ubatizo. Usisubiri uumie ndipo ukaanze kutafuta hati ya kiapo. Hilo linaweza kufanyika wiki hii.

Vibarua nao wasikate tamaa kwa sababu hawana mkataba ulioandikwa. Kinachotafutwa ni ushahidi kwamba siku ile ulikuwa unamfanyia kazi mwajiri huyu kwa malipo. Karatasi ya malipo ya wiki uliyosaini, jina lako kwenye orodha ya getini, muamala wa simu ambao msimamizi alikutumia ujira, yote hayo yana uzito. Kila ukisaini karatasi ya malipo, ipige picha. Inachukua muda mfupi kuliko kuhesabu hela.

Kutoka hospitali nyaraka ni nyingi zaidi, na zinakuja kwa awamu. Kuna taarifa ya kwanza ya daktari, inayoeleza jeraha lilivyokuwa siku ulipofika. Kuna taarifa za maendeleo kadiri matibabu yanavyoendelea. Kuna taarifa ya mwisho, daktari anaposema sasa hali imefika mahali pake, haitarajiwi kubadilika sana. Pamoja nazo tunza picha za eksirei, karatasi ya kuruhusiwa kutoka wodini, na risiti zote za dawa na vipimo ulivyolipia mwenyewe au alivyolipia mwajiri, kwa sababu gharama isiyo na risiti hairudishwi.

Halafu kuna ED, yaani karatasi ya daktari ya kukupumzisha kazi. Hii ndiyo karatasi ndogo kuliko zote, na ndiyo inayopotea zaidi. Mfuko unalipa fidia ya ulemavu wa muda kwa kipindi ambacho daktari amesema huwezi kufanya kazi. Daktari akikupa siku 14, mwenzetu akarudi kliniki siku ya 18 kwa sababu alikosa nauli, zile siku tatu katikati hazina daktari aliyezisemea, na kwenye hesabu zinakuwa pengo. Ukijua hutaweza kurudi siku iliyopangwa, tuma ndugu akaeleze, au piga simu, ili ED inayofuata ianzie pale ya kwanza ilipoishia. Na ED irudi kazini kwa maandishi: mpe mwajiri nakala, baki na halisi.

Tufike kwenye hesabu, maana hapa ndipo salari slipi inapoonyesha kazi yake. Fidia ya ulemavu wa muda ni asilimia 70 ya kipato chako cha mwezi, na inaweza kuendelea hadi miezi 24. Tuseme mwenzetu analipwa mshahara wa msingi 450,000, na kila mwezi, bila kukosa, anapata posho ya nyumba na usafiri 150,000. Jumla 600,000. Asilimia 70 yake ni 420,000. Amekaa nje miezi mitatu kamili, kwa hiyo ni 1,260,000. Lakini salari slipi zilizotumwa zinaonyesha mshahara wa msingi pekee, posho inalipwa kwa karatasi nyingine. Mtathmini anahesabu alichokiona: asilimia 70 ya 450,000 ni 315,000, kwa miezi mitatu 945,000. Mwenzetu amepoteza 315,000 kwa sababu ya karatasi moja ambayo haikuambatishwa. Na hasara haiishii hapo, kwa kuwa fidia ya ulemavu wa kudumu nayo inafuata kipato hichohicho. Posho inayolipwa kila mwezi pamoja na mshahara ni sehemu ya kipato chako. Ushahidi wake uwe ndani ya faili: karatasi ya posho yenyewe, au taarifa ya benki inayoonyesha fedha ikiingia mwezi baada ya mwezi.

Kama mwajiri ameendelea kukulipa mshahara ulipokuwa ED, sema hivyo waziwazi. Kipindi kimoja hakilipwi mara mbili, na ukificha, dai zima linatiliwa shaka.

Sasa vidole. Ulemavu wa kudumu haupimwi siku unapotoka wodini. Unapimwa pale daktari anaposema hali imetulia, na anayepima ni daktari aliyefunzwa kutathmini kwa mwongozo wa Mfuko, anayetoa asilimia. Ulemavu usiozidi asilimia 30 unalipwa kwa mkupuo mmoja. Ukizidi hapo inakuwa pensheni ya kila mwezi. Kwa hiyo ile taarifa ya mwisho ya daktari ina uzito mkubwa, na nawasihi msikimbilie kuipata. Mwenzetu ana kidonda kilichofunga, lakini kidole cha kati hakikunji na kiganja kina ganzi. Akiomba tathmini mapema kwa sababu ada ya shule inadaiwa, daktari ataandika kilichoonekana siku ile. Kitakachojitokeza baadaye kitahitaji kufungua mjadala upya. Ukiwa mbele ya mtathmini, eleza kwa vitendo usichoweza kufanya: kushika bisibisi, kufunga kifungo, kubeba ndoo kwa mkono ule. Usimwonyeshe ushujaa. Daktari anaandika anachokiona na anachoambiwa.

Hapa niseme na jambo linalowatisha wengi. Mwenzetu aliingiza mkono kwenye mashine bila kuizima, na anaogopa kudai kwa sababu ataambiwa ni uzembe wake. Fidia hii hailipwi kwa kuangalia nani mwenye kosa. Uzembe wa kawaida haukufungii mlango. Kinachoweza kukufungia ni utovu mkubwa wa nidhamu wa makusudi, kwa mfano kuwa umelewa, na hata hapo sheria inaangalia kama umebaki na ulemavu mkubwa au kama mtu amefariki. Kwa hiyo eleza ilivyotokea kweli. Mtu anayebuni hadithi ili aonekane hana kosa anazalisha maelezo yanayopingana na ya mashahidi, na hayo ndiyo yanayomponza.

Kwa wale ambao Mungu amemchukua mtu wao kwenye ajali ya kazini, nyaraka zinahama kutoka hospitali kwenda kwenye familia: cheti cha kifo, kibali cha mazishi, cheti cha ndoa cha mjane au mgane, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, vitambulisho vya wategemezi, na muhtasari wa kikao cha familia. Kinachokwama mara nyingi ni ndoa ambayo haikuwahi kuandikishwa, na watoto wasio na vyeti vya RITA. Watoto wale wanalala njaa wakati watu wazima wanatafuta mashahidi wa kijijini. Mwenye mtoto asiye na cheti, naomba kwa moyo wote, hilo ulishughulikie ungali hai na mzima.

Mwisho, muda na mahali pa kupeleka. Dai liwe limefika ndani ya miezi 12 tangu siku ya ajali. Hesabu kutoka siku ya ajali, wala usihesabu kutoka siku uliyopona. Mwajiri akikataa kutoa taarifa, au kiwanda kikafungwa, wewe mwenyewe au ndugu yako nenda ofisi ya WCF ya mkoa, au kwa ofisa kazi, ukiwa na ulichonacho: ujumbe wa simu ule wa usiku, karatasi ya hospitali, picha ya karatasi ya malipo. Usisubiri faili likamilike ndipo uende. Taarifa ikishapokelewa na ukapewa namba, nyaraka nyingine zinaweza kufuata. Omba kila unachowasilisha kigongwe muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako.

Na ukipata uamuzi usioridhika nao, iwe ni asilimia ya ulemavu au kiasi cha kipato kilichotumika, omba mapitio kwa maandishi kwa Mkurugenzi Mkuu wa Mfuko. Ukishindwa hapo kuna Waziri mwenye dhamana, na baada yake Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi. Katika ombi lako la mapitio usiandike kwamba umeonewa ukaishia hapo. Taja karatasi ipi inasema nini: "Salari slipi ya Februari na taarifa ya benki zinaonyesha posho ya 150,000 ambayo haikuhesabiwa." Sentensi kama hiyo inamlazimu anayeisoma afungue faili na aangalie.

Wawakilishi wa usalama wa kila zamu wabaki baada ya mkutano. Tuna nakala za fomu, na ninataka tujaze moja pamoja kwa ule mfano wa mashine ya maboksi, tarehe 10, saa tano na robo usiku, mkono wa kulia.